Wanafunzi wametoweka kwenye Moodle: kutafuta kosa la usawazishaji wa usiku

Chuo cha Lubumbashi kikiwa na programu ya usajili pale aparitora, na Moodle kwenye seva yake, mifumo hiyo miwili haijuani. Aparitora ndiyo inayojua nani ameandikishwa promosio gani, nani amehama kitivo na nani ameacha masomo. Moodle inajua kile tu ilichoambiwa. Kinachoiunganisha ni kazi chache zinazofanyika usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi ndipo tunapojua kama zilikwenda sawa.

Mwongozo huu unahusu mpangilio mmoja ambao ni rahisi kuujenga na pia ni rahisi kuuharibu. Saa 01:00 kompyuta ya aparitora inaandika faili la CSV lenye safu tatu: kazi ya mtu kwenye kozi, matrikule yake, na kodi ya kozi. Saa 01:30 skripti kwenye seva inalichukua faili hilo na kulipakia kwenye jedwali la MariaDB, tuliite `inscriptions`. Saa 02:00 Moodle, kwa kutumia programu-jalizi yake ya `enrol_database`, inasoma jedwali hilo na kulinganisha na wanafunzi iliokwisha kuwaingiza. Asiyekuwamo anaingizwa. Aliyekuwamo na sasa haonekani kwenye jedwali anatolewa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha makosa mabaya kuliko yote. Hakuna mahali popote kwenye mnyororo huu ambapo mtu anaandika "mwanafunzi huyu ameondoka". Moodle inakisia tu, kwa sababu jina halimo. Kwa hiyo orodha iliyokatika katikati inasomwa kama amri ya kuwafukuza wote waliobaki upande wa pili wa mkato. Mashine haina njia ya kutofautisha umeme uliokatika na wanafunzi mia tatu walioamua kuacha masomo siku moja.

## Anza na logi, hata kama una haraka

Kabla ya kugusa chochote, soma logi ya kazi ya usiku. Kwenye Moodle utaipata katika usimamizi wa tovuti, sehemu ya seva, penye kazi zilizopangwa. Tafuta kazi inayoitwa hivi:

```
\enrol_database\task\sync_enrolments
```

Usitosheke na alama ya kijani. Moodle ikishindwa kabisa kuifikia hifadhidata ya nje, kazi hii inaweza kuonekana imefaulu, kwa kuwa ilianza na ikaisha bila kuanguka. Ukifungua maandishi yake ndipo unaona `Error while communicating with external enrolment database`. Usiku huo hakuna aliyeingizwa wala kutolewa, na hiyo ni afadhali kubwa ukilinganisha na orodha nusu.

Maneno mengine ya kutafuta kwenye logi ni machache. `enrolling` ni aliyeingizwa, `unenrolling` ni aliyetolewa, `suspending` ni aliyesimamishwa. `skipping unknown user` maana yake orodha imemtaja mtu ambaye Moodle haimfahamu. Na kabla ya mistari hiyo ya wanafunzi unaweza kukuta `following courses do not exist`, ikifuatwa na kodi za kozi zilizokosa mwenzake. Hesabu kwanza mistari ya `unenrolling`. Usiku wa kawaida katikati ya mwaka ina mistari michache au hakuna kabisa. Ukikuta mamia, ruka moja kwa moja kwenye dalili inayofuata.

## Dalili: promosio nzima imetoweka, nyingine imebaki nusu

Tuchukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Matrikule za chuo chetu cha mfano zina tarakimu saba: sifuri, mwaka wa kuingia kwa tarakimu mbili, kisha namba ya mwanafunzi. Asubuhi mwalimu wa takwimu wa mwaka wa pili anapiga simu: kozi ya STA201 ilikuwa na wanafunzi 214, sasa ina 96. Baada ya muda mfupi mwalimu wa MAT101, kozi ya mwaka wa kwanza, anasema kwake hakuna hata mmoja. Mwaka wa tatu hawalalamiki kitu.

Mpangilio huo peke yake unaeleza mengi. Ingekuwa ni kosa la kodi ya kozi, ingeumia kozi moja. Ingekuwa ni kosa la akaunti, wangepotea watu wawili watatu huku na kule. Hapa waliopotea ni wapya wote, wa katikati nusu, na wakongwe hakuna. Orodha inapangwa kwa matrikule, na matrikule inaanza na mwaka wa kuingia, kwa hiyo walioko mwishoni mwa faili ni wale walioingia karibuni. Faili limekatwa kisu.

Thibitisha kwa amri mbili:

```
wc -l inscriptions.csv
tail -n 1 inscriptions.csv
```

Ya kwanza inahesabu mistari. Linganisha na faili la jana, ambalo ni lazima uwe umelitunza. Ya pili inaonyesha mstari wa mwisho, na hapo ndipo ushahidi unapokaa. Mstari mzima unafanana na `student;0220412;STA201`. Ukikuta `student;0220412;STA2` na hakuna kitu kingine, basi aliyekuwa anaandika faili alisimama katikati ya neno. Mara nyingi ni delestaji: kompyuta ya aparitora haina betri ya akiba, umeme umekwenda saa 01:04, faili limebaki lilipofikia. Au kompyuta ilibaki hai ila mtandao ulikatika wakati faili linasafirishwa kwenda kwenye seva. Matokeo ni yaleyale.

Swali la pili ni kwa nini skripti ya saa 01:30 ilikubali faili lile. Fungua skripti yenyewe usome. Nyingi zimeandikwa hivi: kwanza `TRUNCATE` kulisafisha jedwali, halafu `LOAD DATA` kupakia. Wengine hufikiri wamejikinga kwa kuviweka vyote viwili ndani ya muamala mmoja, ili kikiharibika kitu warudi nyuma. Haiwi. Kwenye MySQL na MariaDB, `TRUNCATE` inafunga muamala yenyewe papo hapo, na kilichofutwa hakirudishwi na `ROLLBACK`. Kuanzia sekunde ile jedwali ni tupu, na litabaki tupu mpaka upakiaji ukamilike.

Utupu huo wa dakika chache una hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. `enrol_database` haifanyi kazi usiku peke yake. Kila mtu anapoingia kwenye Moodle kwa jina na nywila, inamwangalia yeye peke yake kwenye jedwali na kumrekebisha palepale. Mwanafunzi anayesoma usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu, akiingia wakati jedwali limesafishwa na halijajazwa, anatolewa kwenye kozi zake zote. Ndiyo maana utasikia malalamiko ya mtu mmoja mmoja, yasiyo na mpangilio wowote, na ukiangalia orodha jina lake limo bila kasoro. Na ndiyo maana pia, siku ya faili lililokatika, idadi inaweza kupungua mchana hata kama uliizima kazi ya usiku kabla haijafanyika.

### Kuzuia damu kwanza

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matengenezo ni kuizuia Moodle isimtoe mtu mwingine yeyote, iwe kwa kazi ya usiku au kwa kuingia:

```
php admin/cli/cfg.php --component=enrol_database \
    --name=unenrolaction --set=1
```

Kigezo hiki kina thamani nne. 0 ni kumtoa mtu kabisa. 1 ni kumwacha alivyo. 2 ni kumsimamisha, yaani jina linabaki kwenye kozi lakini hawezi kuingia. 3 ni kumsimamisha na kumvua pia kazi yake kwenye kozi. Kabla ya kuandika 1, endesha amri hiyohiyo bila `--set` ili uone thamani iliyokuwapo. Ikiwa ni 0, una kazi zaidi mbele yako. Ikiwa ni 2, shusha pumzi.

Tofauti ni hii. Aliyesimamishwa akirudi kwenye orodha, Moodle inamfungulia mlango na anakuta kila kitu kilivyokuwa. Aliyetolewa kabisa, tena ikiwa hakuwa na njia nyingine ya kuandikishwa kwenye kozi ile, anapoteza uanachama wa vikundi na alama zake zinaondoka kwenye daftari la alama. Kazi alizopakia hazifutwi, na alama zinabaki kwenye historia, lakini hazirudi zenyewe mpaka Moodle iambiwe izirudishe wakati wa kumwingiza upya. Kwa hiyo iambie kabla ya kumwingiza:

```
php admin/cli/cfg.php --name=recovergradesdefault --set=1
```

Vikundi havina dawa kama hiyo. Itabidi uvitoe kwenye nakala ya akiba ya usiku uliotangulia, au mwalimu avipange upya. Kwenye kozi ya watu 214 yenye vikundi vya mazoezi ya vitendo, hiyo ni siku nzima ya mtu. Ni sababu ya kutosha ya kutoiacha thamani ya 0 kwenye chuo chochote ambacho umeme wake hauaminiki.

### Kupata orodha nzima na kuirudisha

Sasa nenda aparitora kwa miguu, usitume ujumbe. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Mama, jana usiku mashine ilizimika?"

"Ilizimika, papa. Asubuhi nimeikuta inaniuliza niiwashe vipi."

"Naomba unitolee ile orodha tena, yote. Na uniambie programu inasema walioandikishwa ni wangapi."

Namba hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko faili lenyewe, kwa sababu haikupita kwenye njia iliyoharibika. Lakini angalia inahesabu nini: programu ya usajili inahesabu watu, na faili linahesabu mtu mara kozi zake. Mwanafunzi mwenye kozi nane ana mistari minane. Ili ulinganishe vitu vinavyolingana, hesabu matrikule zisizojirudia:

```
cut -d';' -f2 inscriptions.csv | sort -u | wc -l
```

Faili lenye kichwa juu litakupa mmoja zaidi. Namba zikikubaliana, pakia, kisha endesha usawazishaji mchana huohuo ukiwa macho, bila kungoja usiku:

```
php admin/cli/scheduled_task.php \
    --execute='\enrol_database\task\sync_enrolments'
```

Maandishi yatapita mbele yako. Unataka kuona `enrolling` nyingi (au `unsuspending`, kama walikuwa wamesimamishwa), na usione `unenrolling` hata moja, kwa kuwa umeizuia. Rudi kwenye STA201 uhesabu: 214. Kisha weka `unenrolaction` kuwa 2 na uiache hapo.

### Kuziba tundu

Kesho umeme utakatika tena, kwa hiyo skripti ibadilike. Usipakie kwenye jedwali linalosomwa na Moodle. Pakia kwenye jedwali la pembeni, `inscriptions_mpya`, likague, na likiwa zima libadilishane nafasi na la zamani kwa mkupuo mmoja:

```
RENAME TABLE inscriptions TO inscriptions_jana,
             inscriptions_mpya TO inscriptions;
```

Amri hii inabadilisha majina yote mawili kwa pamoja. Anayesoma wakati huo ataona la zamani lote au jipya lote, hakuna hali ya kati. Utupu wa dakika chache umekwisha, na unabaki na `inscriptions_jana` ambalo unaweza kulirudisha kwa sekunde moja. Usiku unaofuata, skripti ianze kwa kulifuta jedwali la jana na kuunda la mpya.

Ukaguzi ndiyo sehemu inayohitaji akili. Njia inayopendwa ni kulinganisha idadi: ikiwa mistari mipya iko chini ya asilimia 90 ya mistari ya jana, simama na utume ujumbe. Ni kinga nzuri dhidi ya faili lililokatika katikati, ila inapitisha mkato mdogo mwishoni. Kozi ndogo yenye wanafunzi 20 ikipotea yote ndani ya orodha ya maelfu, jumla inapungua kidogo sana na mlango unafunguka. Hesabu basi kozi kwa kozi, na usimame ikiwa kozi yoyote iliyokuwa na watu jana leo ina sifuri, au imepoteza zaidi ya robo ya watu wake.

Kinga bora zaidi iko upande wa aparitora. Programu inayoandika faili imalizie kwa mstari mmoja wa kufunga, kwa mfano `FIN;4812`, ikitaja idadi ya mistari iliyoandika. Skripti ya seva ikikosa neno hilo, au ikihesabu ikapata tofauti, inalikataa faili bila majadiliano. Faili lililokatwa haliwezi kuwa na mwisho wake. Hapo hukisii tena kwa asilimia, unajua.

Siku moja kwa mwaka kinga hizi zitakuzuia kwa haki na bado utataka kupita: ule mwanzo wa mwaka wa masomo ambapo promosio zote zinapanda na kozi za mwaka jana zinaachwa tupu. Ruhusu kwa mkono usiku huo, kwa faili ambalo umempa mtu jukumu la kuliangalia, na ruhusa ijifute yenyewe kesho yake. Ruhusa inayosahauliwa ikiwa wazi ni sawa na kutokuwa na ukaguzi.

## Dalili: mabadiliko yanafika, ila daima siku moja nyuma

Mwanafunzi aliyeandikishwa Jumatatu anaonekana Jumatano asubuhi. Logi haina kosa. Faili liko kamili. Kila mtu anasema mfumo ni mzito.

Angalia saa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Lubumbashi saa mbili, na Goma na Bukavu wako pamoja na Lubumbashi. Anayesanidi kompyuta kwa haraka huchagua Kinshasa kwa kuwa ndilo jina analolijua kwenye orodha, kisha anaisogeza saa kwa mkono ili ionekane sawa ukutani. Mtandao ukirudi, kompyuta inajirekebisha na kurudi saa ya Kinshasa. Sasa ile kazi ya 01:00 inafanyika saa 02:00 ya Lubumbashi. Skripti ya 01:30 imekwisha kupita na kuchukua faili la jana. Faili la leo litangoja mpaka usiku unaofuata.

Seva nayo inaweza kuwa kwenye UTC, kama seva nyingi zinazokodishwa nje, na Moodle ina majira yake yenyewe kwenye mipangilio, ambayo ndiyo inayotumika kupanga kazi zake. Zilinganishe zote tatu. Kwenye seva, `timedatectl` inakuambia ukweli, na `Africa/Lubumbashi` ndilo jina la kuandika. Kwenye Windows usisogeze saa, badilisha eneo la majira.

Ukishapatanisha saa, usitegemee saa peke yake. Skripti ya seva iangalie tarehe ya faili kabla ya kulipakia, na ikikuta ni la jana ilikatae na kusema hivyo. Na kwenye kompyuta ya aparitora, kipanga kazi cha Windows kina chaguo la kuendesha kazi iliyokosa muda wake mara tu inapowezekana. Liwashe, kwa sababu kompyuta iliyozimika saa 00:50 haitajua kwamba saa 01:00 ilipita.

Kama hakuna kinachofika kabisa, si siku moja nyuma wala mbili, sababu ni mbili za kawaida. Kazi ya `sync_enrolments` huja ikiwa imezimwa Moodle inaposakinishwa, na lazima iwashwe kwa mkono. Au `cron` ya Moodle imesimama baada ya seva kuwashwa upya, na hapo utaona kazi zote zimelala, hata barua pepe haziendi.

## Dalili: kozi nzima haimpati hata mwanafunzi mmoja

Hii ni tofauti na kutoweka. Kozi ni mpya, wanafunzi wamo kwenye faili, na logi inasema `following courses do not exist - MAT101`. Unafungua Moodle, MAT101 ipo. Unafungua jedwali, MAT101 ipo. Macho hayasaidii hapa, kwa sababu kilichozidi hakionekani. Tazama herufi kwa namba zake:

```
SELECT DISTINCT code_cours, HEX(code_cours)
FROM inscriptions WHERE code_cours LIKE 'MAT101%';
```

MAT101 safi ni `4D4154313031`. Ukiona `4D41543130310D`, ile `0D` ya mwisho ni alama ya mwisho wa mstari ambayo Windows huiweka na Linux haiitarajii. Imeng'ang'ania safu ya mwisho ya kila mstari, nayo kwetu ni kodi ya kozi. Iambie `LOAD DATA` kwamba mistari inaishia na `'\r\n'`. Ukiona `20` mwishoni, ni nafasi tupu iliyoandikwa na mtu. Herufi ndogo na kubwa nazo zichukulie kuwa ni tofauti: `mat101` si `MAT101`.

Kama kodi ni safi kila upande, angalia ni uga gani wa kozi unaolinganishwa. Kozi ya Moodle ina jina fupi, na ina pia namba ya utambulisho, `idnumber`, ambayo mwalimu anayejifungulia kozi huiacha wazi. Aliyeisanidi programu-jalizi akichagua `idnumber` na uga ni mtupu, hakuna kitakachokutana. Mimi napendelea `idnumber`, kwa sababu walimu hubadilisha jina fupi wanavyotaka na hawana sababu ya kugusa hii nyingine. Ila lazima mtu mmoja awe na jukumu la kuijaza kila kozi inapofunguliwa.

## Dalili: wachache tu hawamo, na ni walewale kila siku

Logi itawataja: `skipping unknown user`, ikifuatwa na matrikule. Chukua moja uitafute kwenye Moodle. Mara nyingi akaunti haipo kabisa. `enrol_database` haiundi akaunti, inaunganisha tu akaunti zilizopo na kozi zilizopo. Mwanafunzi aliyeandikishwa jana anahitaji kwanza akaunti, kwa njia yoyote mnayotumia kuziunda, na kazi hiyo lazima ipangwe kabla ya saa 02:00.

Kama akaunti ipo, linganisha matrikule kwa makini. Mtu alilifungua faili kwenye Excel "kuangalia tu", akahifadhi, na Excel ikaona 0230417 ni namba, ikala sifuri ya mbele: 230417. Hapo hawatakuwa wachache, watakuwa wote waliomo kwenye faili lile. Wakiwa wachache kweli, ni wale waliochapwa kwa mkono, herufi O mahali pa sifuri, au nafasi tupu mbele. Na kama anayekosekana ni daima mtu wa mstari wa kwanza, tena kwenye kozi moja tu, huenda faili halina kichwa na limehifadhiwa kama UTF-8 yenye alama ya siri mwanzoni. Alama hiyo inashikamana na neno la kwanza la mstari wa kwanza, kwetu ni `student`, na Moodle haiitambui tena kazi hiyo; ikiwa haikupewa kazi ya chaguo-msingi, inauruka mstari. Weka mstari wa kichwa na mwambie `LOAD DATA` auruke.

Utasikia pendekezo la kulinganisha kwa majina ili kuepuka taabu za matrikule. Likatae. Mwanafunzi wetu ana jina, postnom na prenom, Moodle inalazimisha nafasi mbili tu, na karani mmoja anaweka postnom upande huu, mwingine upande ule. Ongeza kwamba kina Ilunga na kina Kasongo kwenye promosio moja wanaweza kujaza benchi. Barua pepe nayo si kitambulisho, ikiwa ndugu wawili wanatumia ya mzazi mmoja.

Kuna kundi moja linalofanana na hili lakini si kosa. Wanafunzi kadhaa wa promosio tofauti wanatoweka usiku uleule, siku moja baada ya tarehe ya mwisho ya awamu ya minervali. Programu ya usajili inawaondoa kwenye faili wasiolipa. Usiwarudishe kwa mkono. Waulize aparitora na kasha kama ndivyo wakuu wanavyotaka, na kama mtu akilipa saa nne asubuhi anapaswa kungoja mpaka kesho. Akishalipa na jedwali likisasishwa, anaweza kutoka na kuingia tena, na kuingia huko kutamrudisha.

## Dalili: aliyehama kitivo bado anaonekana

Aparitora imemtoa, faili halimtaji, logi haimtaji, na bado yumo kwenye kozi. Kwanza angalia kama `unenrolaction` ilisahauliwa kwenye 1 baada ya matengenezo ya siku nyingine. Ikiwa ni 2, angalia kama hajasimamishwa tayari, maana jina lake litaendelea kuonekana kwa mwalimu. Kisha tazama aliingia kwa mlango upi:

```
SELECT e.enrol, ue.status
FROM mdl_user_enrolments ue
JOIN mdl_enrol e  ON e.id = ue.enrolid
JOIN mdl_user u   ON u.id = ue.userid
JOIN mdl_course c ON c.id = e.courseid
WHERE u.idnumber = '0220412' AND c.idnumber = 'STA201';
```

`status` 0 ni hai, 1 ni aliyesimamishwa. Ukipata mistari miwili, `database` yenye 1 na `manual` yenye 0, mwalimu alimwingiza kwa mkono, pengine siku ile orodha ilipokatika na wanafunzi wakawa wanamlilia. Usawazishaji unagusa tu wale uliowaingiza wenyewe, na yule wa mkono atabaki mpaka mtu amtoe. Baada ya kila tukio la kutoweka kwa watu wengi, tafuta walioingizwa `manual` siku hiyo na uwaondoe kwenye mlango huo wale ambao sasa wako hai pia kwa `database`. Fanya hivyo baada ya kuhakikisha mlango wa pili uko wazi, kwa sababu kumtoa mtu kwenye mlango wake wa pekee kunamrudisha kwenye hasara ya vikundi na alama.